Kukata Kona au Kuzunguka: Namna ya Kuchagua Njia kwenye Shimo Lililopinda

Shimo la saba la klabu ya gofu ninayochezea linapinda kushoto. Ukisimama kwenye tii huioni grini. Unachokiona ni feawei inayonyooka mbele yako kwa yadi 200, kisha inapotelea nyuma ya miti. Upande wa kushoto, ndani kabisa ya kona, kuna bwawa. Kadi inasema paa 4, yadi 350. Siku ya kwanza niliyocheza pale nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye draiva wakati kedi wangu, mbeba fimbo wa makamo aliyeyajua maji yale kuliko mimi ninavyozijua hendikapu zangu, aliponinyooshea haibridi.

"Mzee, hapa laza," akasema, akimaanisha nipige mfupi hadi kwenye kona bila kuyavuka maji.

Sikulaza. Mpira ulipaa vizuri, ukapinda kidogo zaidi ya nilivyotaka, ukatua majini. Nilimaliza shimo kwa mikwaju saba na nikalaumu upepo, ambao haukuwepo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima shimo lile kama mtu anavyopima kiwanja cha kununua. Swali lake ni lile lile la kila shimo la aina hii: ukate kona juu ya maji, au uende kwanza hadi kwenye kiwiko halafu ugeuke? Nitazilinganisha njia hizo mbili, kwanza kwa hesabu ya mchezaji wa kawaida mwenye hendikapu ya 18, yaani anayepewa mikwaju 18 ya ziada kwa raundi ya mashimo 18, kisha kwa shimo maarufu la Marekani ambalo limewafanyia wakubwa yale yale. Baadaye nitagusia jambo ambalo wengi hawalifikirii kabla ya kupiga: ukikosea, ni heri ukosee wapi.

Kwa asiyeyazoea maneno haya: tii ni mahali unapoanzia kulipiga shimo, na grini ni uwanja wa nyasi laini wenye tundu la kumalizia. Paa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kulimaliza shimo. Draiva ni fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, na haibridi ni fupi kidogo kuliko hiyo. Feawei ni ile njia ya nyasi fupi kutoka tii hadi grini. Rafu ni nyasi zilizoachwa zirefuke pembeni yake, na jina linafaa kabisa, maana mpira ukiingia humo unachezewa rafu kweli kweli. Banka ni shimo la mchanga. Dogilegi ni shimo la gofu ambalo njia yake inakunjika katikati, kama mguu wa nyuma wa mbwa, na mahali linapokunjika ndipo ninapopaita kiwiko.

Kona inakuokolea yadi ngapi hasa?

Macho yanadanganya kwenye tii. Ukitazama kiwiko unahisi kwamba ukipita juu ya maji utakuwa umelifuta nusu ya shimo. Chukua shimo letu la yadi 350: yadi 200 hadi kwenye kiwiko, kisha 150 hadi grini. Kama njia ingepinda kwa pembe mraba, kama ukuta wa nyumba, mstari wa moja kwa moja kutoka tii hadi grini ungekuwa yadi 250, na kukata kona kungekuokolea yadi 100 nzima. Lakini dogilegi nyingi hazipindi hivyo. Shimo hili linapinda nusu ya pembe mraba, na ukipiga hesabu ya pembetatu mstari wa moja kwa moja unakuwa yadi 324. Umeokoa yadi 26 tu, yaani kama tofauti ya umbali kati ya fimbo ya chuma namba 5 na ya namba 7, maana namba ikipanda fimbo inapiga karibu zaidi.

Faida nyingine inatokana na fimbo yenyewe. Mwenye kukata kona anapiga draiva, mwenye kuzunguka anapiga haibridi. Tuseme draiva yako inafika yadi 220 pamoja na kubiringika, na haibridi inafika 200. Ukikata kona na mpira ukatii, unabaki na yadi 104 kwenda grini. Ukizunguka vizuri, unabaki na 150. Tofauti ya yadi 46 ni kubwa kwa mchezaji wa hendikapu ya 18: kwa 104 anatoa weji, fimbo ya mikwaju mifupi, au chuma kifupi na mara nyingi anaipata grini, kwa 150 anaikosa zaidi ya anavyoipata.

Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa unayoweza kulipwa kwa kuthubutu. Sasa tazama unachoweka rehani. Kwenye mstari ule bwawa linaanza yadi 150 kutoka tii na kuisha 185. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Draiva inayofika 220 haisafiri 220 angani. Pengine inaruka 200 na yadi 20 zilizobaki inabiringika, na juu ya maji hakuna kubiringika. Kwa hiyo una nafasi ya yadi 15 tu kati ya mpira uliopigwa sawasawa na mpira uliozama, na mpira uliopigwa kidogo kwenye ncha ya uso wa draiva unaweza kupoteza hizo 15 bila wewe kuhisi lolote mkononi.

Mipira kumi kwa kila njia

Njia nzuri ya kuchagua ni kusahau ule mpira mmoja mzuri unaouota na kufikiria mipira kumi. Chini nimeweka mfano wa mchezaji huyo wa hendikapu ya 18. Namba ni za kupigia hesabu, nawe weka zako, lakini hazijatolewa hewani: mchezaji kama huyo hulimaliza shimo la paa 4 kwa kama mikwaju mitano.

| Mpira ulikoishia | Kukata: mipira | Mikwaju kwa shimo | Kuzunguka: mipira | Mikwaju kwa shimo |
|---|---|---|---|---|
| Feawei | 6 | 4.6 | 8 | 4.9 |
| Rafu | 2 | 5.1 | 2 | 5.3 |
| Maji | 2 | 6.1 | 0 | – |
| Jumla ya mikwaju | 10 | 50.0 | 10 | 49.8 |

Mikwaju 50 dhidi ya 49.8. Ni sare. Mchezaji anayezamisha mipira miwili kati ya kumi hapati wala hapotezi kwa kukata kona hii. Akizamisha mmoja tu, na ule mwingine ukatua kwenye feawei, jumla inashuka hadi 48.5 na kukata kunalipa. Akizamisha mitatu, inapanda hadi 51.5, na kila mara anapoitoa draiva pale anatupa zaidi ya sehemu ya kumi ya mkwaju. Swali lote la shimo la saba limekuja kukaa kwenye swali dogo: mimi nazamisha mipira mingapi kati ya kumi? Nilipoacha kujidanganya, jibu langu lilikuwa mitatu na ushei.

Kwa nini maji yanagharimu karibu mkwaju mmoja na nusu wakati adhabu ni mkwaju mmoja? Kwa sababu ya mahali unapodondosha mpira. Bwawa letu lina vigingi vyekundu. Kanuni inakuruhusu kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipovuka mpaka wa maji kwa mara ya mwisho, bila kusogea karibu na shimo. Wengi hudondosha usawa wa pale walipouona mpira ukichupa, na hilo ni kosa. Kama mpira ulivuka ukingo wa kwanza wa bwawa, yadi 150 kutoka tii, huko ndiko unakorudi. Unapiga mkwaju wa tatu ukiwa yadi 174 kutoka grini, maji yakiwa bado mbele yako. Vigingi vikiwa vya njano hata ile nafuu ya fimbo mbili huna: unarudi nyuma kwenye mstari unaounganisha shimo na pale mpira ulipovuka, au unarudi kupiga tena ulikopiga mwanzo, na adhabu ni ile ile. Basi kabla ya kupiga tazama rangi ya vigingi. Rangi ile ni sehemu ya bei.

Njia ya kuzunguka nayo si salama kama inavyosemwa. Makosa yake ni mawili, na yote ni ya urefu. Mpira mrefu mno unapitiliza kiwiko, unavuka feawei na kuingia rafu ya upande wa pili. Ndiyo ile mipira miwili ya rafu kwenye jedwali. Mpira mfupi mno ni mbaya zaidi. Ukiishia yadi 165, umekaa kwenye feawei safi lakini miti ya ndani ya kona imesimama kati yako na grini. Hapo huna cha kufanya zaidi ya kuusogeza mpira pembeni kwa yadi 40, na ule ni mkwaju uliokwenda bure sawa na adhabu ya maji. Kwa hiyo anayezunguka achague fimbo kwa umbali wa kiwiko. Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu anayesema "nalaza", halafu kwa uoga anatoa chuma namba 7.

Jambo la mwisho kwenye kuzunguka ni upande. Nje ya kiwiko, kulia kwa shimo letu, unaiona grini yote lakini unaongeza yadi kadhaa. Ukibana kushoto unafupisha njia lakini tawi moja la mti linaweza kukufungia. Ukiwa hujiamini, lenga nje. Yadi kumi za ziada hazina maumivu kama tawi.

Augusta, shimo la 13

Shimo ambalo limeigeuza hesabu hii kuwa mchezo wa kuigiza mbele ya dunia ni la 13 la Augusta National, jimbo la Georgia, uwanja uliobuniwa na Alister MacKenzie pamoja na Bobby Jones, ambako mashindano makubwa ya Masters yamechezwa tangu 1934. Ni paa 5 inayopinda kushoto. Kijito kinaambaa upande wa kushoto wa feawei, kisha kinakatiza mbele ya grini. Upande wa kulia ni misonobari na sindano zake zilizotandazwa chini. Nyuma ya grini kuna mabanka. Feawei yenyewe imeinama kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anayepiga kwa mkono wa kulia anasimama mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu yake, na mpira wa namna hiyo hupenda kukimbilia kushoto. Kwa maneno mengine, shimo linakualika kuipiga grini kwa mkwaju wa pili, halafu linakusimamisha vibaya.

Hapo kuna maamuzi mawili yaliyofuatana. La kwanza ni kona kwenye tii. Mwaka 2014 Bubba Watson, anayepiga kwa mkono wa kushoto, aliupitisha mpira juu ya miti ya kiwiko ukaenda yadi 366 kwenye shimo lililokuwa na 510. Kilichobaki kilikuwa mkwaju wa weji. Paa 5 ilikuwa imegeuka paa 4 fupi. Klabu haikupendezwa na hali hiyo ya kona kukatwa kirahisi, na kwa Masters ya 2023 tii ilirudishwa nyuma, shimo likawa yadi 545. Hakuna mti ulioongezwa wala maji yaliyopanuliwa. Walichobadilisha ni umbali wa kufika kiwikoni, na hilo pekee liliwarudishia wachezaji swali walilokuwa wameacha kujiuliza.

La pili ni kijito cha mbele ya grini: uvuke kwa mkwaju wa pili, au ulaze mbele yake na uvuke kwa wa tatu?

Kwa upande wa kulaza, shahidi wangu ni Zach Johnson, 2007. Masters ya mwaka huo ilikuwa ya baridi na upepo. Johnson si mpigaji wa mbali, naye aliamua kwamba kwenye mashimo ya paa 5, manne kwa siku kwa siku nne, hatajaribu hata mara moja kufika grini kwa mikwaju miwili. Mara zote 16 alilaza, akabaki na weji. Kwenye mashimo hayo 16 alikuwa mikwaju 11 chini ya paa. Alishinda kwa jumla ya 289, moja juu ya paa, akimwacha Tiger Woods kwa mikwaju miwili. Wengi husimulia hadithi hii kana kwamba ni ya unyenyekevu. Mimi naiona ya hesabu: alijua umbali anaoupiga kwa weji vizuri kuliko karibu wote waliokuwepo, akajiletea umbali huo mara 16.

Kwa upande wa kuvuka, Phil Mickelson, 2010, siku ya mwisho. Mpira wake wa kwanza ulipitiliza kona ukaingia kwenye sindano za misonobari upande wa kulia, miti miwili mbele yake na uwazi mwembamba katikati. Alikuwa yadi 207 kutoka bendera na kijito kikiwa njiani. Alitoa chuma namba 6, akaupitisha kati ya miti, mpira ukakaa futi chache kutoka shimo. Watu husahau kwamba mpira ule mfupi wa kumalizia aliukosa, akaandika 4. Hata hivyo alishinda mashindano kwa mikwaju mitatu. Ukiangalia kwa utulivu, haikuwa bahati nasibu kama inavyoonekana. Sindano za misonobari hazishiki fimbo kama rafu inavyoishika, mpira ulikuwa umekaa safi, na 207 ni umbali ambao chuma chake namba 6 kilikuwa kinaufikia bila kulazimisha. Kilichokuwa kigumu kilikuwa upana wa uwazi, basi.

Yupo wa tatu, na yeye ndiye anayenifanya nisiseme kwamba kulaza ni kinga. Mwaka 2025, siku ya mwisho, Rory McIlroy alifika 13 akiongoza. Alichagua usalama, akalaza, akabaki na weji ya chini ya yadi 100 mkononi, ule mkwaju ambao Johnson aliishi nao. Mpira ukatua kulia zaidi na mfupi zaidi ya alivyolenga, ukabingirika kijitoni. Akaandika 7. Alikuja kushinda baadaye, kwenye shimo la ziada dhidi ya Justin Rose, lakini 7 ile ilibaki kwenye kadi. Kulaza kunakupa fimbo fupi zaidi ya kuvukia maji. Maji yenyewe hayahami.

Ukiwaweka watatu hawa pamoja utaona kwamba ujasiri na woga havikuwatofautisha sana. Kilichowatofautisha ni jinsi mpira ulivyokaa na kama umbali uliobaki ulikuwa wa fimbo wanayoiamini. Mimi, nikiwa kwenye paa 5 yenye maji mbele ya grini, najiuliza hayo mawili kwa mpangilio huo: kwanza mpira umekaaje, halafu ni fimbo gani. Mpira ukiwa umekaa vibaya, swali la pili sifiki.

Ukikosea, ni heri wapi?

Kila mstari unaouchagua una upande wake wa kukosea, na hapa rafu, banka na maji hazilingani hata kidogo. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua rekodi za mikwaju ya wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wataalamu ya Marekani, akatoa wastani wa mikwaju inayohitajika kumaliza shimo kutoka mahali mbalimbali. Kutoka yadi 100, mchezaji wa kiwango kile anahitaji 2.80 akiwa kwenye feawei, 3.02 akiwa kwenye rafu, na 3.23 akiwa mchangani. Sasa sogea hadi yadi 20. Rafu inakuwa 2.59, mchanga 2.53. Wamebadilishana nafasi. Kwa mbali mchanga ni adui kuliko nyasi, kwa karibu ni afadhali mchanga. Ndiyo maana kwenye runinga utamsikia mtaalamu akiuambia mpira wake uliopotea uingie bankani, na mtazamaji wa nyumbani anadhani amechanganyikiwa.

Wewe na mimi tusiiige sehemu hiyo ya pili haraka. Mtaalamu anapenda mchanga wa karibu na grini kwa sababu anajua utakavyoitikia: anaipitisha weji chini ya mpira, mchanga ndio unaounyanyua, na mpira unatua na mzunguko. Mchezaji wa wikendi mara moja kati ya tatu hautoi kabisa, au anaugonga mpira katikati ukavuka grini na kuingia matata mengine. Kipimo ni rahisi: ukiwa unatoka bankani kwa mkwaju mmoja mara tisa kati ya kumi, hata kama mpira hausimami karibu, banka la pembeni mwa grini ni mahali pa kukosea panapokubalika. Ukiwa huwezi, lihesabu kama maji. Mtu mwenye mpira uliozikwa chini ya ukingo anaweza kutangaza kwamba hauchezeki na kudondosha humo humo mchangani kwa adhabu ya mkwaju mmoja, au kurudi nyuma nje ya banka kwa adhabu ya miwili. Miwili inauma, lakini nimeona watu wakipiga mitano humo ndani.

Banka la kwenye feawei ni jambo jingine. Pale hutazami grini kwanza, unatazama ukingo wa mbele. Kama ukingo unafika magotini na mpira uko karibu nao, chuma namba 6 ulichokitamani hakitapita juu yake, hata kama yadi zinataka namba 6. Chagua fimbo inayopita ukingo bila shaka, na yadi zitakazobaki zibaki. Kumbuka pia kwamba fimbo hairuhusiwi kugusa mchanga unapojipima au unaporudisha mkono nyuma kabla ya kupiga. Ndani ya vigingi vya maji, kinyume chake, kanuni za 2019 zinakuruhusu kuiweka fimbo chini. Ukiona mpira umelala kwenye nyasi kavu ndani ya vigingi vyekundu, upige tu kama unaweza. Wengi hudondosha na kujilipisha adhabu isiyo ya lazima.

Kuhusu rafu, jina halitoshi, uliza nyasi ni za aina gani. Kwenye nyanda za juu za Kenya mara nyingi utakutana na nyasi za kikuyu, zilizopewa jina la watu wa huko huko, na ambazo zilipelekwa California kushika udongo zikaishia kuwa sifa kuu ya uwanja wa Riviera jijini Los Angeles. Kwenye feawei nyasi hizi ni rafiki. Majani yake magumu yanaunyanyua mpira kama umewekwa kwenye tii ndogo. Kwenye rafu ni majani yale yale, lakini sasa yamefumana kama mkeka. Ukipiga chuma kirefu yanashika shingo ya fimbo, uso unafunga, mpira unakwenda chini na kushoto. Na kwa chipu, ule mkwaju mdogo wa karibu na grini, mpira unaotua kwenye kikuyu kabla ya grini haurukaruki kwenda mbele, unasimama pale pale.

Kabla ya kuchagua fimbo kwenye rafu, inama utazame. Ukiuona mpira wote na nyasi ziko chini yake, cheza kama kawaida, ila ujue nyasi kavu zikiingia kati ya uso wa fimbo na mpira mzunguko unapungua na mpira unaweza kwenda yadi 10 zaidi ya ulivyopanga. Ukiuona nusu yake tu, sahau haibridi ya kufikia grini, chukua chuma namba 8 na uridhike. Ukiona juu yake tu kama upara wa mzee kati ya watu, toa weji urudi kwenye feawei. Nyasi zikiwa zimelowa, teremka ngazi moja kwenye kila hukumu.

Mashindano nayo yanabadilisha bei

Hesabu ya mipira kumi niliyoifanya juu inahusu kuhesabu mikwaju yote. Mashindano mengi ya klabu zetu huchezwa kwa pointi za Stebulfodi, na hapo maji yanakuwa nafuu kidogo. Mwenye hendikapu ya 18 ana mkwaju wa ziada kila shimo: akimaliza paa 4 kwa mitano anapata pointi mbili, kwa minne tatu, kwa sita moja, kwa saba sifuri. Baada ya hapo tisa ni sawa na saba. Msiba una sakafu. Ndiyo maana kwenye Stebulfodi mchezaji aliyezamisha mipira miwili na ushei kati ya kumi bado anaweza kukata kona yangu ya saba bila kujionea aibu. Kwenye mechi ya shimo kwa shimo, mtazame mpinzani. Kama mpira wake umeshazama, kulaza ni karibu sawa na kupewa shimo. Kama yuko katikati ya feawei yadi 104 kutoka bendera, kulaza kwako kunaweza kuwa adabu tu.

Jumamosi iliyopita nilifika tii ya saba nikakuta vibao vya kuonyesha mahali pa kupigia vimesogezwa mbele kama yadi 20, labda walikuwa wanapumzisha nyasi za nyuma. Maji yaliyokuwa yakiisha yadi 185 sasa yalikuwa yakiisha karibu 165, na ile haibridi yangu ya yadi 200 ingepitiliza kiwiko hadi kwenye kikuyu ya ng'ambo. Nilimtazama kedi. Naye alikuwa ameshavihesabu vibao. Akanipa draiva bila kusema neno.